Waziri alipewa na Bunge mamlaka ya kupanga ada. Kwa nini mahakama ilisema ada zake ni batili?

#1 Kalamu ya Mkaa

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linanisumbua tangu wiki iliyopita, naomba tulichambue pamoja.

Mwaka 2007 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya mabaraza na mahakama. Kifungu cha 42 kinampa Waziri wa Sheria uwezo wa kupanga ada za mabaraza kwa amri yake. Nimekisoma mara tatu. Hakuna mahali panaposema ada isizidi kiasi gani.

Mwaka 2013 waziri akautumia uwezo huo. Mfanyakazi aliyetaka kumshitaki mwajiri kwenye baraza la kazi, jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa bure, sasa alitakiwa kulipa pauni 1,200. Chama cha wafanyakazi UNISON kikaenda mahakamani. Kikashindwa Mahakama Kuu, kikashindwa na rufaani. Halafu tarehe 26 Julai 2017 majaji saba wa Mahakama ya Juu wakasema amri ile ni batili, na ilikuwa batili tangu siku iliyotoka.

Sasa Uingereza haina katiba ya kitabu kimoja kama yetu, na majaji wao hawawezi kufuta sheria ya Bunge. Kifungu kinasema "anaweza kupanga ada." Amepanga ada. Kosa lake ni nini? Mimi naona majaji walijiandikia sheria yao. Nipingeni.

#2 Jongoo Mwendo

Jibu ni rahisi mkuu. Walitumia mkataba wa haki za binadamu wa Ulaya. Uzi ufungwe.

#3 Wakili wa Kijiweni

Usifungwe kwanza. @Jongoo Mwendo, sheria ya Ulaya ilitajwa katika hukumu, lakini kama hoja ya pili. Jaji Reed, aliyeandika hukumu kuu, alianza na kanuni za Kiingereza zenyewe, zile zilizojengwa na majaji kwa karne nyingi, akafikia uamuzi kwa hizo. Ukiiondoa Ulaya yote, waziri bado anashindwa.

Na wewe @Kalamu ya Mkaa, nikurekebishe mambo mawili. La kwanza, ada haikuwa pauni 1,200 kwa kila mtu. Mashauri yaligawanywa mafungu mawili. Madai mepesi kama mshahara uliozuiwa au malipo ya likizo yalilipiwa pauni 160 kufungua na 230 ili yasikilizwe, jumla 390. Kufukuzwa kazi isivyo haki na ubaguzi ndiko kulikolipiwa 250 na 950, ndipo unapopata hiyo 1,200 yako.

La pili ndilo kubwa. Mahakama haikugusa kifungu cha 42. Kipo mpaka leo. Iliyoanguka ni amri ya waziri. Majaji walijiuliza hivi: Bunge liliposema "anaweza kupanga ada", je, lilimpa waziri uwezo wa kupanga ada itakayowafungia watu mlango wa baraza? Haki ya kufika mbele ya mwamuzi ni ya msingi. Kama Bunge linataka kuiondoa au kuibana, liseme waziwazi, au maneno yake yawe hayawezi kumaanisha kitu kingine. Maneno mapana ya jumla hayatoshi. Kwa hiyo ndani ya yale maneno "anaweza kupanga ada" kuna mpaka usioandikwa, na waziri aliuvuka.

Hiyo ndiyo wanayoiita kanuni ya uhalali.

#4 Mtoto wa Hakimu

Samahani Wakili, hapo umechanganya. Kanuni ya uhalali tunaijua: mtu hawezi kuadhibiwa kwa kosa ambalo halikuwa kosa kisheria siku alipolitenda. Ni ya jinai. Ada za mabaraza zinaingiaje?

#5 Kalamu ya Mkaa

@Mtoto wa Hakimu, jina lako limekuponza leo 😀

#6 Wakili wa Kijiweni

Hajakosea sana. Jina ni moja, watoto wawili. Ile ya jinai ipo na anaieleza sawasawa. Hii ya pili ni ya kusoma sheria: namna ya kuelewa mamlaka mapana yanapokutana na haki ya msingi. Ukiliona jina, angalia kwanza linazungumzwa kwenye kesi ya aina gani.

#7 Mama Nuru wa Luton

Salaam. Mimi si mwanasheria, ila naona mnazungumza habari yangu.

Mwaka 2014 nilikuwa nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Naendesha gari kutoka nyumba hadi nyumba, mzee huyu dakika 30, yule 45. Nilipoacha kazi, kampuni ikakataa kunilipa siku za likizo nilizokuwa nimezilimbikiza. Nilipiga hesabu mezani na karatasi za mshahara zikiwa mbele yangu: pauni 312. Nikaambiwa nenda baraza la kazi. Nikafungua tovuti, nikaona 160 ya kufungua, 230 ya kusikilizwa. Nilipe 390 kudai 312!

Watu wakaniambia kuna msamaha wa ada kwa wasio na uwezo. Nikasoma masharti. Akiba isizidi pauni 3,000, na wanahesabu ya mume na mke pamoja. Sisi tulikuwa na kama 3,400 benki, pesa tuliyokuwa tunaidunduliza ili mama mkwe aje kutibiwa jicho. Kwa hiyo nikaonekana tajiri. Nikaacha. Sikudai tena.

Huyo anayesema waziri alitumia tu uwezo wake, aje anieleze huo mlango ulikuwa wazi kwangu upande gani.

#8 Kalamu ya Mkaa

Pole sana dada. Sikatai kuwa ada ilikuwa mbaya. Swali langu ni nani mwenye kuiondoa. Ubaya wa ada unaondolewa na wabunge, si majaji.

Halafu nikuulize kwa heshima: hiyo 3,400 ulikuwa nayo. Ungeweza kulipa. Hukutaka kulipa, na naelewa kwa nini, lakini "sitaki" na "siwezi" ni vitu viwili.

#9 Wakili wa Kijiweni

Hapo @Kalamu ya Mkaa umegusa kiini cha kesi nzima, na umesema karibu sawa na Mahakama ya Rufaa ya mwaka 2015.

UNISON ilishindwa huko chini kwa sababu hiyohiyo. Ilileta takwimu: mashauri yalianguka kwa thuluthi mbili hivi mara tu ada zilipoanza, na hayakuinuka. Majaji wa rufaa walikiri kwamba anguko hilo linashtua. Lakini wakasema takwimu pekee haziwezi kutenganisha wasiotaka kulipa na wasioweza. Tuleteeni watu halisi na bajeti zao. UNISON haikuwa na mtu wa namna hiyo, kwa sababu aliyeshindwa kufungua shauri hana faili popote. Mama Nuru hapa hayumo kwenye daftari la mtu yeyote.

Mahakama ya Juu iliona hapo ndipo wenzao walipoteleza. Haihitaji kuthibitisha kwamba fulani bin fulani alizuiwa. Inatosha kuwepo hatari ya kweli kwamba watu watazuiwa. Na kuhusu "siwezi", walisema ada ipimwe kwa maisha ya kawaida. Wakachukua mifano ya familia za kipato kidogo, wakaangalia zinatumia nini kwa mwezi kuishi kwa kiwango kinachokubalika, wakaona kwamba kulipa ada kungewalazimu kukata mahitaji ya kawaida kabisa. Ikiwa njia pekee ya kulipa ni kuacha vitu hivyo, basi ada hiyo hailipiki.

Tena waliongeza jambo linalomhusu Mama Nuru moja kwa moja. Hata mwenye pesa anaweza kuzuiwa, ikiwa ada inafanya kudai kuwe upuuzi. Nani mwenye akili timamu atalipa 390 kufuata 312, huku hajui kama atashinda? Ukishinda, baraza linaweza kumwamuru mwajiri akurudishie ada, lakini utafiti wa serikali yenyewe wa 2013 ulionyesha kwamba chini kidogo ya nusu ya walioshinda ndio waliolipwa chote.

#10 Jongoo Mwendo

Nakubali kosa la #2. Lakini upande wa pili nao una hoja. Si ndiyo ilikuwa shabaha, kupunguza kesi za uongo? Mashauri yamepungua kwa thuluthi mbili, maana yake wababaishaji wameondoka.

#11 Mama Nuru wa Luton

Mimi mbabaishaji?

#12 Jongoo Mwendo

Si wewe dada, samahani. Nasema kwa jumla.

#13 Wakili wa Kijiweni

Hoja hiyo inapimika, na ilipimwa. Kama ada inachuja wababaishaji, wanaobaki wengi wawe wenye haki, kwa hiyo asilimia ya wanaoshinda ipande. Takwimu zilizokuwa mbele ya mahakama zilionyesha kinyume: baada ya ada, sehemu ya mashauri yaliyofaulu ilikuwa ndogo kuliko kabla. Chujio lilichuja kwa ukubwa wa dai. Madai madogo ndiyo yaliyokimbia zaidi.

Hili linahusu kanuni yenyewe, kwa sababu ina hatua mbili. Ya kwanza: je, maneno ya Bunge yanaruhusu haki iguswe? Ya pili: hata yakiruhusu, yanaruhusu kwa kiasi kile tu kinachohitajika kufikia lengo la sheria. Waziri alikuwa na malengo yanayokubalika: watumiaji wachangie gharama, kesi dhaifu zipungue, watu wapatane mapema. Mahakama haikuyabeza. Iliuliza kama kiwango kile kilihitajika kuyafikia, na waziri hakuwa na jibu lenye mashiko.

#14 Nahodha wa Kilindini

Nawasalimu kutoka Mombasa. Wakili ameeleza vizuri, ila kaanzia katikati. Maneno maarufu ya kanuni hii ni ya Jaji Hoffmann katika kesi ya Simms, mwaka 1999. Wafungwa wawili wa mauaji walitaka kuzungumza na waandishi wa habari ili waonyeshe kwamba hawakuua. Magereza wakasema mwandishi aingie, lakini atie saini kwamba hatachapisha atakachoambiwa. Kanuni za magereza zilikuwa pana, zinampa waziri uwezo wa kudhibiti wageni. Mabwana wa sheria, waliokuwa majaji wa juu kabisa wa Uingereza wakati huo, wakasema upana huo haufiki kumziba mfungwa mdomo anapodai kuwa amefungwa bure.

Hoffmann alisema, kwa maneno yangu: Bunge likitaka linaweza kwenda kinyume na haki za msingi, lakini likabiliane na jambo hilo ana kwa ana na kubeba gharama yake ya kisiasa. Maneno ya jumla hayafai, kwa sababu athari zake zinaweza kupita bila mtu kuziona wakati muswada unajadiliwa.

Mmoja wa wale wawili, Michael O'Brien, hukumu yake ilifutwa Desemba mwaka huohuo, akiwa amekaa ndani miaka kumi na moja.

#15 Mtoto wa Hakimu

Na yule mwingine?

#16 Nahodha wa Kilindini

Simms mwenyewe hakuwahi kufutiwa. Haki ya kusema si zawadi ya wasio na hatia, ilikuwa ya wote wawili.

Na kwetu Kenya jambo hili halikuachwa kwa majaji. Liko ndani ya Katiba ya 2010, ibara ya 24. Sheria inayobana haki haitasomwa kuwa inaibana isipokuwa iseme wazi na mahususi ni haki gani na kwa kiasi gani. Na sheria iliyotungwa baada ya Katiba isiposema dhahiri kwamba inakusudia kuibana haki, kipengele hicho si halali kabisa. Waingereza wanakisia nia ya Bunge, sisi tumeliamuru Bunge lijitaje.

#17 Kalamu ya Mkaa

Hapo sasa umenisaidia wewe kunitetea mimi! Kenya wananchi walipiga kura, wakaiandika. Kule majaji wamejiwekea wenyewe. Si ndilo nililosema #1?

#18 Mzee wa Rasimu

Vijana, shikamooni nyote mnaonizidi, marahaba kwa waliobaki.

Nimefanya kazi ya kuandika sheria ndogo za halmashauri kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Niwaambie jinsi maneno mapana yanavyozaliwa, kwa sababu mnabishana kama vile Bunge lilikaa likayapima.

Unaandika rasimu. Umefika kifungu cha ada. Hujui mwakani vitu vitakuwa bei gani, wala hujui wataalamu watataka nini. Ukiandika kiwango, kila mwaka utarudi kubadilisha. Kwa hiyo unaandika "kwa kadiri itakavyoamuliwa." Unaendelea na kifungu kinachofuata. Kikaoni hakuna anayeuliza, maana hakuna cha kuuliza, hakuna mtu aliyeumia bado. Nimeviandika vifungu hivyo kwa mkono huu, na hata siku moja sikuwa na nia ya kumpa mtu uwezo wa kumzuia mwananchi asidai haki yake. Mngeniuliza siku ile, "Mzee, hii inaruhusu ada ya kumfukuza mtu mahakamani?" ningesema hapana, upesi.

Kwa hiyo majaji wanaposema "Bunge halikukusudia hivyo", kwangu mimi wanasema kweli tupu. Wanasoma sheria jinsi mwandishi alivyoiandika.

#19 Kalamu ya Mkaa

Shikamoo Mzee. Nimeipenda hiyo, lakini inakata pande zote mbili. Kama hakuna aliyefikiria, basi hakukuwa na nia ya kuruhusu wala nia ya kukataza. Majaji wanajaza pengo kisha wanaliita nia ya Bunge. Si afadhali waseme "hii ni katiba yetu, tumeijenga wenyewe"?

#20 Wakili wa Kijiweni

Wapo wasomi wanaosema hivyohivyo, tena kwa kuisifia kanuni. Kwao nia ya Bunge ni vazi tu, ndani yake mna haki ambazo majaji wanazilinda kama katiba. Wengine wako na Mzee wa Rasimu. Wengine wako na Hoffmann, wanaona hii ni njia ya kulilazimisha Bunge liseme hadharani. Mimi nina ya nne, ya kizamani: waziri ni mtu aliyetumwa, na aliyetumwa sokoni na kikapu hakupewa ruhusa ya kuuza nyumba, hata kama hakuambiwa asiuze.

Jaji Reed mwenyewe alieleza zaidi kwa nini mlango wa mahakama ni wa thamani kuliko alivyoeleza nadharia. Alikumbusha kwamba sheria zinazotungwa na Bunge hugeuka maandishi matupu ikiwa hakuna anayeweza kuzidai. Mwajiri anayejua kwamba hakuna atakayemshitaki kwa pauni 312 hana sababu ya kulipa pauni 312. Kwa hiyo shauri moja linawafaa hata wasiolifungua.

#21 Upepo wa Kusi

Niwaletee kesi ya nyumbani inayofanana kwa ajabu. Tanzania, Mahakama ya Rufani, Februari 2002, kesi ya Ndyanabo. Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa ikataka anayepinga matokeo ya ubunge aweke dhamana ya shilingi 5,000,000 kabla shauri lake halijapangiwa tarehe. Mahakama, Jaji Mkuu akiwa Samatta, ikasema sharti hilo linawafungia watu mlango wa haki kinyume cha Katiba, ikalitupa nje.

Kwa hiyo tulitangulia kwa miaka 15. Kanuni ya uhalali tunayo.

#22 Wakili wa Kijiweni

@Upepo wa Kusi, kesi ni ya kweli na matokeo yanafanana, lakini njia ni nyingine kabisa. Milioni tano ziliandikwa ndani ya sheria yenyewe. Bunge lilisema kwa tarakimu. Hapakuwa na neno pana la kusoma kwa ufinyu. Mahakama ilibidi iiweke sheria mbele ya Katiba na kuitangaza kuwa batili.

Kanuni ya uhalali isingeweza kufanya kazi hiyo. Uwezo wake unaishia pale maneno yanapokuwa wazi. Kama Bunge la Uingereza lingeandika ndani ya sheria ya 2007 "ada ya kufukuzwa kazi isivyo haki ni pauni 1,200, hata kama itamzuia mtu kudai", UNISON isingekuwa na kesi kwa hoja hii. Ndyanabo angeshinda Dar es Salaam na angeshindwa London.

#23 Nahodha wa Kilindini

Na hilo si la kufikirika. Mwaka 2010, Januari, Mahakama hiyohiyo ya Juu ilitupa amri ya serikali ya kuzuia mali za watu waliodhaniwa kuhusika na ugaidi. Amri ilitungwa chini ya sheria fupi ya mwaka 1946 kuhusu Umoja wa Mataifa, yenye maneno mapana ya "lililo lazima au linalofaa." Mtu alikuwa hawezi hata kununua chakula bila leseni ya Hazina. Mahakama ikasema maneno hayo hayafiki huko. Mwezi uliofuata tu, Bunge likapitisha sheria ya dharura kuzishikilia amri zile, na Desemba likatunga sheria kamili.

#24 Kalamu ya Mkaa

Basi kanuni ilisaidia nini, kama Bunge lilirudisha ndani ya wiki chache?

#25 Nahodha wa Kilindini

Ililazimisha mjadala. Wabunge walisimama wakasema "ndiyo, tunazuia mali za watu", majina yao yakaandikwa kwenye kumbukumbu, na sheria mpya ikaja na masharti na njia ya kukata rufaa. Kwa ada za kazi, hakuna serikali iliyothubutu kupeleka pauni 1,200 bungeni baada ya 2017. Januari 2024 walipendekeza pauni 55, na hata hiyo haikuanza.

#26 Mtoto wa Hakimu

Naomba msaada kidogo. Shangazi ana genge la mboga karibu na stendi. Mtendaji amekuja na sheria ndogo ya usafi inayosema anaweza "kuchukua hatua zozote zinazofaa kuhifadhi usafi", akachukua mizani na meza. Je, shangazi atumie kanuni hii?

#27 Mzee wa Rasimu

Mwanangu, usikimbilie Uingereza. Kwanza aombe nakala ya sheria ndogo yenyewe, aone kama imetangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kisha aangalie kama kuna kifungu kinachotaja kuchukua mali. Sheria nyingi za usafi nilizoziona zinataja notisi na faini. Kama kuna utaratibu wa notisi na mtendaji ameuruka, hoja yako inaishia hapo na inatosha.

#28 Wakili wa Kijiweni

Mzee amemaliza. Niongeze tu kwamba kama kitu pekee alichonacho mtendaji ni hayo maneno "hatua zozote zinazofaa", ndipo swali letu linaanza: je, yanafika kumnyang'anya mtu mali yake bila kumsikiliza? Mali ni haki yenye historia ndefu mbele ya majaji. Waaustralia walilifikisha mbali mwaka 1994 katika kesi ya Coco. Sheria ya Queensland ilimruhusu jaji kuidhinisha polisi kutumia vifaa vya kusikilizia. Mahakama yao ikasema kuidhinisha kusikiliza si kuidhinisha kuingia kwenye jengo la mtu kwa siri kuvifunga, kwa sababu sheria haikusema kuingia.

#29 Jongoo Mwendo

Hapo ndipo naanza kumwelewa Kalamu. Kifaa utakifungaje bila kuingia? Bunge lingesema nini zaidi? Nikikuruhusu kupika jikoni kwangu si nimekuruhusu kuwasha moto?

#30 Wakili wa Kijiweni

Swali zuri, na liliulizwa. Walijibu kwamba kuna vifaa vya kusikilizia visivyohitaji kuingia, kwa hiyo ruhusa ina maana hata bila kuvunja. Mfano wako wa moto ungeshinda kama kupika bila moto kusingewezekana kabisa. Mstari kati ya "haiwezekani vinginevyo" na "ingekuwa rahisi zaidi" ndiko kesi nyingi zinakoamuliwa, na majaji hawaupigi mahali pamoja kila mara.

#31 Kalamu ya Mkaa

Nakubali kwamba kifungu hakikufutwa, hapo nilikosea #1. Bado sijakubali kwamba ile ilikuwa nia ya Bunge. Mzee wa Rasimu ndiye pekee aliyenitikisa, kwa sababu amewahi kuishika kalamu.

#32 Mama Nuru wa Luton

Nami nina swali la mwisho. Baada ya 2017 nilisikia watu wanarudishiwa ada zao, na riba juu yake. Mimi nitarudishiwa nini?

#33 Wakili wa Kijiweni

Dada, ada hurudishwa kwa aliyelipa. Mpango ulianza Oktoba 2017, na waliolipa walipata pesa yao na riba ya nusu asilimia. Wewe hukulipa, kwa hiyo hakuna cha kurudisha. Njia iliyokuwepo ni kufungua dai lenyewe nje ya muda. Muda wa kawaida ulikuwa miezi mitatu, na baraza liliweza kuuongeza kama haikuwezekana kwa hali ya kawaida kufungua mapema. Ungesema amri batili ndiyo iliyokuzuia. Lakini ilitakiwa uende upesi baada ya hukumu ile ya Julai.

#34 Mama Nuru wa Luton

Sikujua. Hakuna aliyeniandikia.

#35 Upepo wa Kusi

Na nani angekuandikia, kama alivyosema Wakili kwenye #9, jina lako halikuwa kwenye daftari lolote. @Wakili, hapa kanuni ilishinda mahakamani, lakini mtu akaachwa. Kuna kesi yoyote ambapo wasiofungua walilipwa?

#36 Wakili wa Kijiweni

Nitaangalia. Mama Nuru, zile karatasi za mshahara za 2014 bado unazo?

#37 Mama Nuru wa Luton

Ninazo zote, kwenye bahasha ya kaki, pamoja na ile niliyoandikia hesabu.